RAM ipo kibao lakini gemu inajikokota: jinsi ya kujua kama tatizo ni GPU, njia ya memori, joto au mtandao

Mdogo wangu alinunua simu mpya, boksi limeandikwa GB 8 za RAM na zingine 8 za nyongeza, skrini kubwa ya 1080 kwa 2400, yaani ukisoma boksi tu unaona mambo yote safi. Akaweka Free Fire, inateleza. Akaweka Genshin Impact, dakika kumi hazijaisha kaja kanuna, "Kaka, hii simu nimepigwa, ina RAM zote hizo afu inaenda kama picha za mnato." Nikamwambia hujapigwa, ila umesoma namba ambayo sio yenyewe.

RAM ya GB 8 inakuambia vitu vingapi vinakaa kwenye memori kwa wakati mmoja. Haikuambii vinatoka humo kwa kasi gani kwenda kwenye GPU, ile sehemu ya chipu inayochora picha. Ni kama tangi na bomba, tangi la lita elfu kumi lenye bomba la nusu inchi bado linajaza ndoo polepole. Hilo bomba ndo wanaloita bandiwidhi ya memori, mi hapa nitaliita njia ya memori, na kwenye simu za bei nafuu ndo sehemu inayobanwa sana na ndo haiandikwi kwenye boksi.

Na kwenye simu bomba ni moja kwa wote. Kompyuta ya gemu ina kadi ya grafiksi yenye memori yake pembeni, simu haina, prosesa, GPU, skrini, kamera, wote wanachota palepale. Kwahiyo GPU haipati njia nzima hata siku moja.

Sasa twende kwa dalili, maana kila mtu anasema "gemu inalagi" lakini hiyo lagi ina sura kama nne hivi na kila sura ina mzizi wake.

Dalili ya kwanza: gemu ni nzito muda wote, tangu dakika ya kwanza, hata ukisimama bila kufanya kitu

Hii ndo ya mdogo wangu na ndo nitakaa nayo sana. Unaingia gemuni, simu bado ya baridi, mtandao mzuri, unageuza kamera taratibu na picha inaburuta. Ukiangalia ukutani kwa karibu inakuwa nyepesi, ukigeukia uwanja wenye majani, maji na mwanga, inakuwa nzito tena. Hapo mshukiwa ni GPU au njia ya memori, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: punguza rezolusheni peke yake, vingine viache kama vilivyo. Genshin ina kipengele cha `Render Resolution` kwenye mipangilio ya grafiksi, kishushe hadi chini kabisa afu rudi palepale uliposimama, angalia uwanja uleule. Gemu ikiwa nyepesi ghafla, umeshapata jibu, kazi ya kuchora pikseli ndo ilikuwa inazidi. Isipobadilika kabisa, basi pikseli sio shida, prosesa ndo imechoka au kuna kitu kingine, na hapo kushusha vivuli na rezolusheni ni kujisumbua tu.

Gemu isiyokuwa na kipengele hicho unaweza kushusha skrini nzima kwa kompyuta yenye programu ya adb na waya wa USB, ukishawasha utatuzi wa USB kwenye simu:

```
adb shell wm size
adb shell wm size 720x1600
adb shell wm size reset
```

Mstari wa kwanza unakuonyesha ukubwa wa sasa, wa pili unashusha, wa tatu unarudisha kama ulivyokuwa. Gemu ifunge kabisa afu uifungue upya, isipofunguliwa upya nyingi zinabaki na ukubwa wa zamani. Maandishi na ikoni zitakuwa kubwa kama za simu ya babu, usishtuke, ukirudisha zinarudi. Na hakikisha namba unazoweka zina uwiano uleule wa skrini yako, sio unaweka 720x1280 kwenye skrini ndefu afu unakuja kulalamika skrini ina sehemu nyeusi pembeni.

Tahadhari moja: ile kitu ya kuonyesha kiwango cha skrini kwenye chaguo za wasanidi usiitumie kupima gemu. Inakuonyesha skrini inajichora upya mara ngapi, inaweza kukaa 60 au 90 wakati gemu yenyewe inatoa fremu, yaani picha mpya, 22 tu kwa sekunde. Tumia kipimo cha fremu cha hali ya gemu kama simu yako inacho.

Kwanini rezolusheni inaleta tofauti kubwa hivyo, hebu tupige hesabu kidogo tu, sio ndefu. Chukua chipu kama Helio G85, ambayo iko kwenye simu nyingi sana za bei nafuu. Ina GPU ya Mali-G52 yenye viini viwili, na memori ya LPDDR4X inayosafirisha mara milioni 3600 kwa sekunde kwenye njia ya biti 32, yaani baiti 4 kila mara. 3600 mara 4 unapata GB 14.4 kwa sekunde, na hiyo ni ya kwenye makaratasi, kwenye maisha halisi hupati yote. Unataka fremu 60? Gawanya kwa 60, kila fremu ina MB 240 za kutumia, na humo prosesa na skrini nao wanataka mgao wao.

Sasa skrini ya 1080 kwa 2400 ina pikseli milioni 2.6 hivi. Gemu zenye mwanga mzuri mara nyingi zinahifadhi kila pikseli kwa baiti 8 badala ya 4 ili mwanga mkali usikatwe, kwahiyo picha moja nzima ni kama MB 21. Kila mara gemu ikiisoma hiyo picha na kuiandika tena, labda inaongeza mng'ao, labda inalainisha kingo, labda inarekebisha rangi, ni MB 41 zimepita kwenye bomba. Tuseme inafanya hivyo mara sita tu kwa fremu. Ni MB 249. Umeshamaliza mgao wote na bado hujasoma hata tekscha moja, zile picha zinazovalishwa kuta, nguo na majani, na vivuli bado hujagusa.

Rudisha hesabu ileile kwenye 720 kwa 1600: pikseli zinapungua mara 2.25 na ile MB 249 inakuwa kama 110. Hapo gemu inapumua. Ukishusha na fremu kwenda 30 mgao unakuwa MB 480 kwa kila fremu, hapo inapumua zaidi. Ndo maana mtu mwenye simu ya skrini ya 720 na chipu ileile anacheza vizuri kuliko mwenye 1080, na wa 1080 anabaki kushangaa, alilipa zaidi kwa ajili gani.

Haki yao watengenezaji wa GPU za simu, wanajua njia ni nyembamba. Mali, Adreno na PowerVR zote zinaikata picha vipande vidogo kama vigae, zinachora kigae kimoja ndani ya kamemori kadogo kalikomo ndani ya GPU yenyewe, kikiisha ndo kinapelekwa kwenye RAM, na hata kinapopelekwa kinabanwa ili kipite chepesi. Ujanja huu unaokoa sana. Lakini athari kama mng'ao zinahitaji kuona picha nzima, sio kigae kimoja, kwahiyo hapo GPU inalazimika kuitoa picha yote kwenda RAM na kuirudisha. Ndo zinazoua simu ndogo.

Kwahiyo ukishathibitisha kuwa ni pikseli, mpangilio wa kushusha vitu uwe hivi. Anza na rezolusheni. Kisha zima `Bloom`, `Motion Blur` na `Anti-Aliasing`, hivyo ndo vile vya picha nzima. Vivuli vifuate. Ubora wa tekscha uache mwishoni, kwasababu tekscha zinakuja zimebanwa kwa mifumo kama ASTC na GPU ina kamemori kake ka kuzishika, mara nyingi ukizishusha unapata picha mbaya na fremu zilezile. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza na tekscha, gemu inakuwa kama imechorwa kwa mkaa na bado inaburuta.

Kingine kagua kama kuna mtu aliwasha `Force 4x MSAA` kwenye chaguo za wasanidi. Kuna video zinadai inaongeza kasi ya gemu. Inaongeza mzigo bana, kila pikseli inapimwa mara nne ili kingo zilainike. Zima.

Na ile RAM ya nyongeza, GB 8 za bure? Hizo zinakatwa kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni polepole mara nyingi sana kuliko RAM yenyewe. Zinasaidia apu zisifungwe nyuma, basi. Kwenye fremu hazina mchango, na saa zingine zinaongeza mikwamo.

Dalili ya pili: dakika za mwanzo poa kabisa, afu inaanza kufa

Hii ni joto, wala usihangaike na rezolusheni kwanza. Simu haina feni, chipu ikichemka inapunguziwa kasi yenyewe ili isiungue. Cha kukutambulisha ni muda: mechi ya kwanza nzuri, ya pili mbaya, ukiiacha ipoe robo saa inarudi nzuri. Unaweza kuisoma pia:

```
adb shell dumpsys thermalservice
```

Tafuta mstari wa `Thermal Status`. Sifuri ni shwari, 1 ni joto dogo, 2 la kati, ikifika 3 mfumo unahesabu kuwa joto ni kali. Toa kava, acha kucheza huku unachaji, funga fremu kwenye 30 au 40. Hapa kuna kitu watu hawakijui, kusafirisha data kwenda RAM na kurudi kunakula umeme mwingi, kwahiyo kupunguza rezolusheni kunapoza simu hata kama fremu zilikuwa hazishuki. Simu za bei kubwa ndo zinaugua hii sana, chipu ina nguvu kuliko mwili unavyoweza kupoza.

Dalili ya tatu: inaenda vizuri, inaganda sekunde, inaendelea

Sio nzito, inaganda tu, hasa ukiingia eneo jipya, ukishuka na parachuti, au adui mpya akitokea. Hii sio njia ya memori. Gemu inasubiri kitu kitoke kwenye hifadhi, na simu nyingi za bei ya chini zinatumia hifadhi ya eMMC ambayo ni mzee ukilinganisha na UFS. Hifadhi ikijaa ndo inazidi. Acha nafasi ya kutosha, GB kumi na kitu hivi, pakua vifurushi vyote vya gemu kabla hujaingia, na kama RAM ni GB 3 au 4 funga apu zingine. Pia baada ya gemu kuboreshwa, mara za kwanza inaandaa upya programu zake ndogo za kuchorea, itaganda ganda kila athari mpya ikitokea, cheza mechi mbili tatu ndo uhukumu.

Dalili ya nne: picha laini ila maadui wanaruka kama panzi

Mtandao. Kamera yako inageuka laini, ila watu wanahama sehemu moja kwenda nyingine bila kutembea, au unapiga risasi na damage inakuja baadaye. Hapa hata simu ya bei ya pikipiki haikusaidii.

Na pale gemu inapokunyima kabisa

Unafungua PUBG Mobile, kwenye grafiksi unaona `Smooth` na `Balanced` zinakubali, `HDR` na `Ultra HD` zinasema bado hazipo kwa simu yako. Au kwenye `Frame Rate` unaishia `Ultra`, ambayo ni 40, na `Extreme` ya 60 imefungwa. Sio hitilafu, gemu inasoma jina la chipu na kukupa inachoona unaweza. Kuna apu za kufungua hizo kwa nguvu, unaweza kufungiwa akaunti, na ukishafungua unagundua kwanini walifunga.

Kujua jina la GPU yako ulipate lilivyo:

```
adb shell "dumpsys SurfaceFlinger | grep GLES"
```

Itakuletea mstari wenye kitu kama Mali-G52 au Adreno (TM) 610. Alama za nukuu usizisahau, kwenye Windows bila hizo kompyuta inatafuta `grep` kwake na haipo.

Sasa gemu zipi zinataka nini. Free Fire na Mobile Legends zilitengenezwa zikijua simu ndogo zipo, zikikusumbua kwenye simu nzima ya bei nafuu basi rudi kwenye joto, hifadhi au mtandao, sio GPU. PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile ziko katikati, kwenye grafiksi ya chini zinachezeka vizuri tu na watu wanashinda nazo, ukitaka HDR na fremu 60 kwa pamoja ndo ukuta unapoanza. Minecraft ni mnyama mwingine, ukiongeza umbali wa kuona unaibebesha prosesa pia, usiilaumu GPU peke yake. Fortnite yenyewe haina siasa, kwenye Android wametaja GPU kwa jina: Adreno 530 kwenda juu, au Mali-G71 MP20, au Mali-G72 MP12. Hiyo namba ya mwisho ni idadi ya viini. Mali-G57 MC2 iliyoko kwenye Helio G99 ni ya kizazi kipya kuliko G72, lakini ina viini viwili dhidi ya kumi na mbili, kwahiyo usidanganyike na namba ya mbele kuwa ndogo au kubwa, angalia na mkia.

Genshin Impact, Honkai: Star Rail na Wuthering Waves ndo kundi linalotaka zaidi ya simu ya bei nafuu, na Wuthering Waves naiweka juu ya zote. Zinafunguka, ndio, ila kufunguka sio kucheza. Genshin ilipotoka 2020 walipendekeza Snapdragon 845 kwenda juu. Na hapo ndo pana kitu kizuri cha kuangalia: 845 ni chipu ya 2018, imezeeka, lakini ilikuwa ya simu za juu, njia yake ya memori ni biti 64 na inatoa karibu GB 30 kwa sekunde. Mara mbili ya G85. Helio G99 ambayo ni mpya zaidi inafika 17, kwasababu bado ina biti 32. Snapdragon 778G inafika 25.6 kwa LPDDR5. Snapdragon 870 iko 44, Dimensity 8100 iko 51. Ukiangalia hizo namba unaona kuna mstari, chini ya 20 hizo gemu tatu ni za rezolusheni ya chini na fremu 30, kuanzia 40 hivi unaanza kuchagua mwenyewe.

Kwahiyo mtu akikuuliza achukue simu mpya ya bei nafuu au iliyotumika ya daraja la juu yenye 870, kwa gemu peke yake mi nasema ya 870, ila akague betri maana zilizotumika betri zimechoka na chipu hizo zinakula. Kwenye karatasi ya maelezo atafute maneno mawili, aina ya RAM na upana wa njia. Wauzaji wakiandika "LPDDR4X" peke yake hawajasema chochote, 845 na G85 zote ni LPDDR4X na moja ni mara mbili ya nyingine.

Mdogo wangu tulimshushia `Render Resolution` hadi chini, `Bloom` na `Motion Blur` tukazima, vivuli chini kabisa, fremu 30. Ule uwanja wenye majani na maji uliokuwa unaburuta ukawa unageuka bila kushika. Jijini kwenye watu wengi bado inashuka kidogo, nikamshushia `Crowd Density`, ikatulia. Akaniuliza sasa ile skrini ya 1080 ina kazi gani, nikamwambia angalilia muvi.